Watoto Wote wa Saa Moja

Kuluthum Shariff alijivunia vitu viwili maishani, na vyote alivijivunia kimyakimya, maana hakulelewa kujipigia tarumbeta. Cha kwanza ni Kiswahili cha kwao. Alizaliwa Bondeni, hapa hapa Nakuru, lakini bibi yake aliyemlea alitoka Lamu akiwa msichana na hakukubali hata siku moja ulimi wake ubadilike kwa sababu ya baridi ya bara. Shuleni wenzake walimcheka Kuluthum, wakasema anaongea kama msomaji wa taarifa ya habari. Alilia siku mbili, ya tatu akaamua kwamba wao ndio wenye hasara.

Cha pili ni maktaba. Ni vyumba vitatu tu nyuma ya soko, bati juu, na inaendeshwa na jamii. Aliingia hapo akiwa na miaka ishirini na mmoja, kazi yake kupangusa vumbi na kurudisha vitabu rafuni. Leo ana miaka hamsini na miwili na ndiye mkutubi mkuu, na ukuu wenyewe ni huo wa kuwa mkutubi pekee. Watu wa kaunti wakija wanamwita madam. Yeye anapenda zaidi anavyoitwa na watoto wa mtaa wa Rhonda wanaokuja kufanyia kazi za shule pale: Mathe wa Vitabu, yaani mama yao wa vitabu.

Mwaka jana alipata kitu alichokuwa akikingoja bila kujua anakingoja. Familia moja ya upande wa Rongai ilikuwa na madaftari manne ya nyanya yao, marehemu Tabitha Cherop, aliyekuwa mkunga katika shamba la mzungu tangu miaka ya hamsini. Kila mtoto aliyempokea alimwandika, kwa penseli, kwa Kiswahili cha kujifunzia kanisani. Familia ilikataa madaftari yatoke nyumbani, na Kuluthum hakuwalaumu. Alikwenda yeye mwenyewe na simu na kigoda cha kuishikilia, akapiga picha kurasa mia mbili na kumi na mbili, kila moja na namba yake, hata zile tupu. Kisha akatafuta watu wa kujitolea kuzinakili, ili zisomeke na zitafutike.

Kabla kazi haijaanza vizuri, alikuja mama mmoja kutoka Rongai, jina lake Chepchumba, mwenye miaka sitini na kitu. Alikuwa amesikia habari za madaftari. Alizaliwa shamba lile lile, na marehemu mama yake, Tapkigen, mpaka siku ya kufa alikuwa akisema kwamba siku ile walizaliwa wawili. Mwenzake aliishi siku mbili. Zamani zile habari za pacha hazikusemwa ovyo, kwa hiyo hakuna aliyekuwa tayari kuthibitisha. Ndugu zake waliamua kwamba mama ana kichaa cha uzee, wakamwambia hivyo mbele ya wajukuu, akafa anaitwa mwendawazimu ndani ya nyumba yake. Chepchumba alitaka kujua jambo moja tu: mama alikuwa na akili zake au hakuwa nazo? Kuluthum alimwahidi kwamba ukurasa ukionekana, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuambiwa.

Nusu ya kurasa alikuwa nazo Mwalimu Micah Kimeli. Huyu hahitaji sifa zangu, anazo zake. Alifundisha Kiswahili miaka thelathini na nne, nusu ya Nakuru imepitia kwenye kalamu yake nyekundu, Kuluthum akiwa mmoja wao. Sasa amestaafu, anakaa kwake Rongai na ng'ombe watatu na laptopu aliyonunuliwa na binti yake, na alipoombwa kujitolea alikubali kabla swali halijaisha. Alimaliza kurasa zake mia moja na sita katika wiki tano. Zilikuja safi, zimepangika, Kiswahili cha kumeremeta. Kuluthum alizifungua, akaandika "Tapkigen" kwenye kitafutio, na mara moja jina likaja:

"Tapkigen, kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili. Msichana."

Alifurahi mno kwamba jina limepatikana, furaha ikamtangulia akili. Alipiga simu pale pale. Upande wa pili Chepchumba akauliza kama ni msichana mmoja. Kuluthum akasema ndiyo, mmoja. Yule mama akashukuru kwa heshima, akasema Mungu akubariki, akakata. Kuluthum alibaki ameshika simu, na kitu kikamwambia amefanya jambo baya, ila hakujua ni lipi.

Aliyemwonyesha ni Wachuka, msichana wa chuo anayepitia kazi za wengine kabla hazijawekwa rasmi. Wachuka ni mcheshi na hana adabu sana, sifa mbili zinazofaa kwa kazi hiyo. Siku mbili baadaye aliinua macho kwenye kompyuta.

"Madam, hii shamba ilikuwa na maajabu. Watoto wote wanazaliwa saa moja. Wote! Labour inaanza saa nne, inaisha saa moja. Inaanza saa nane, inaisha saa moja. Ni kama walikuwa wanapiga kengele."

Kuluthum alicheka, kisha akaacha kucheka. Alifungua picha namba 87 akaiweka kando ya nakala ya Mwalimu. Penseli ilikuwa imefifia lakini ilisomeka:

"Tapkigen saa 11 saa mbili msichana msichana"

Hapakuwa na "kuanzia" wala "hadi", wala nukta wala mkato. Tarakimu ya Tabitha ilikuwa imegeuzwa neno, na "msichana" wa pili alikuwa amefutwa kama kosa la mwanafunzi aliyesinzia. Akafungua picha ya 86, ya 85, ya 40. "Lea saa 4 saa moja kijana." Kila mahali Mwalimu alikuwa amempigia pasi marehemu. "Asubui" imekuwa "asubuhi", "alitoka tamu" imekuwa "alitokwa na damu". Kuluthum hakuelewa bado zile "saa" mbili kwenye mstari mmoja zina maana gani. Ila alielewa kwamba alimpigia mtu simu na kumfungia mlango wa maisha yake kwa kusoma nakala bila kutazama picha. Hilo lilimuuma. Ni yeye, si Mwalimu, aliyesema "mmoja".

Sasa, unamwambiaje mwalimu wako aliyekufundisha ngeli kwamba ameharibu kazi? Kuluthum alifanya wanavyofanya watu waungwana na waoga: aliandika barua kwa wote. Aliiandika kwa siku tatu, akaifuta, akaianza tena. Nitaitoa sehemu, maana ni barua ninayoiona nzuri.

"Ndugu zangu mnaojitolea," aliandika, "nilikosea kuwapa picha bila kuwapa masharti, na kosa hilo ni langu. Sharti kubwa ni moja, mengine ni watoto wake: andikeni munachokiona, si kile kilichopaswa kuwepo. Tabitha akiandika asubui, nasi tuandike asubui. Mstari wake ukiishia katikati ya neno, wetu uishie hapo hapo. Asipoweka nukta, tusimwekee. Tarakimu ibaki tarakimu na neno libaki neno. 4 si sawa na nne mpaka tujue kwa nini yeye alitofautisha. Neno lililoandikwa mara mbili liandikwe mara mbili, hata kama unaona wazi ameteleza, kwa sababu hatuna wa kumuuliza.

"Neno alilolikata kwa mstari, msiliache. Liwekeni ndani ya mabano ya mraba hivi: [limekatwa: kijana]. Usipoweza kusoma, andika [haisomeki]. Ukisoma kwa mashaka, weka alama ya kuuliza ndani ya mabano hayo hayo, hasa kwa majina ya watu. Usibahatishe jina la mtu, maana kuna mwanawe anayelitafuta. Ukurasa mtupu uandikwe kuwa ni mtupu. Namba ya picha ikae juu ya kila ukurasa.

"Na ukiwa na maelezo, ukijua neno fulani lina maana gani, au ukidhani, usiyatie ndani ya maneno yake. Iko safu ya maelezo pembeni. Andika huko, uweke herufi za jina lako na tarehe, ili msomaji ajue hapa anasema Tabitha na hapa unasema wewe. Kazi yetu si kumsaidia Tabitha kuandika. Alishaandika."

Aliituma Jumatatu asubuhi. Wachuka akajibu kwa kidole gumba. Kutoka Rongai hakukuja kitu mpaka Alhamisi, na kilichokuja kililetwa na boda boda ndani ya bahasha. Ilikuwa ile barua yake, imechapishwa kwenye karatasi, imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. "Munachokiona" ilikuwa imezungushiwa duara na juu yake pameandikwa "mnachokiona!" Chini kulikuwa na alama, themanini na moja kwa mia, na maneno haya: "Kazi nzuri. Lakini makosa husahihishwa, hayahifadhiwi. M.K."

Wachuka alicheka mpaka akashika meza. Kuluthum alikasirika, na nitasema ukweli, hakukasirika kwa ajili ya Tabitha. Alikasirika kwa ajili ya "munachokiona". Hivyo ndivyo bibi yake alivyosema, na mama wa bibi yake, kabla sanifu haijazaliwa. Kuna mtu ameketi Rongai ametia duara jekundu kwenye mdomo wa bibi yake! Alizunguka chumba mara mbili, ndipo akasimama ghafla, kwa sababu alikuwa amejisikia. Hivi ndivyo Tabitha angeumia, kama angekuwepo.

Akapiga simu Rongai. Hakugombana. Alimwambia Mwalimu kwamba "munachokiona" ni la bibi yake, na kwamba anamwomba aje Jumamosi, atazame picha na nakala kando kwa kando, mstari mmoja tu. Halafu akampigia Chepchumba, na hiyo ndiyo simu iliyokuwa ngumu. Alisema alimpa jibu kabla ya kuangalia vizuri, kwamba ukurasa una maneno zaidi, kwamba hajui bado yana maana gani, na kwamba anaomba radhi. Chepchumba akauliza aje saa ngapi.

Mwalimu Kimeli alifika Jumamosi amevaa koti na tai, mgongo wima, kalamu mfukoni. Aliketi mbele ya kompyuta akaitazama picha 87 kwa muda. Kisha akaeleza kwa subira, vile alivyokuwa akieleza kidato cha pili, kwamba mwandishi ni mtu asiye na elimu, ameandika neno "saa" bila kueleza ni ya nini, na jambo la akili ni kwamba ya kwanza ni uchungu kuanza na ya pili ni mtoto kutoka. Kuhusu "msichana" wa pili, ni kurudia. Kuluthum alimuuliza kwa upole kwa nini basi saa ya kwanza daima ni tarakimu na ya pili daima ni neno, na kwa nini hiyo ya pili ni moja siku zote, isipokuwa mara sita katika kurasa zake zote ambapo ni mbili. Mwalimu akaisogelea skrini. Alikuwa hajahesabu. Angehesabu vipi, naye alishazigeuza zote kuwa maneno?

Chepchumba aliingia wakati huo, kitambaa kichwani, mkoba kifuani. Aliamkiana nao, akapewa kiti. Mwalimu, kwa kuwa ni mtu wa watu wake, alimsemesha kwanza kwa lugha ya kwao, Kikalenjin, wakajuana kwa majina ya wazee. Kisha, ili Kuluthum asiachwe nje, Chepchumba akarudi kwenye Kiswahili.

"Mimi sitafuti kitu kingine," alisema. "Mama alisema hivi: hiyo siku nilisaa wawili. Alikuwa anasema tu hivyo kila siku. Nilisaa wawili, nilisaa wawili. Wakasema, asee, huyo amechanganyikiwa."

Kuluthum alisikia maneno, na kama kawaida sikio lake likayanyoosha lenyewe. Nilizaa. Miaka hamsini na miwili ameishi na watu wanaosema hivyo, sokoni, hospitalini, darasani, na sikio lake lilikuwa limezoea kusahihisha bila kumwomba ruhusa. Hata siku ile alipokuja mara ya kwanza, mama huyu alisema neno lile lile mbele yake, naye akasikia lingine.

Lakini Mwalimu Kimeli alikuwa ameganda. Aliitazama skrini, akamtazama Chepchumba, akarudi kwenye skrini. Kidole chake kikagusa "saa" ya kwanza, kikasogea kwenye ya pili.

"Zaa," alisema.

Kisha akasema tena, polepole, kama mtu anayehesabu hatua gizani, "Tapkigen saa kumi na moja. Zaa mbili. Msichana, msichana." Akawageukia. "Ni mimi," akasema. "Ni mimi ndiyo ningesikia hii. Mama yangu alikuwa anaongea hivi."

Aliwaeleza halafu, na sauti yake haikuwa ya darasani. Alipoenda chuo cha ualimu akiwa kijana kutoka kijijini, alisimama kusoma kwa sauti akasema "masiwa" badala ya "maziwa", na darasa zima likaangua kicheko. Alikaa muhula mzima nyuma ya bweni akifanya mazoezi ya herufi moja. Aliishinda. Akaja kuitafuta katika vinywa vya watoto wa watu miaka thelathini na nne, akiwakata alama, na alijivunia kwamba hakuna mwanafunzi wake aliyetoka akisema "masiwa". Aliitafuta sana mpaka akawa haisikii tena ikiandikwa mbele ya macho yake.

Kuluthum alitaka kumpa neno la kumfariji, akaona afadhali ampe kiti kilicho karibu na kibodi. Alijivuna siku hiyo, nakuambia, wala hakujificha. Alijivunia barua yake, kwa sababu kama tarakimu ingebaki tarakimu tangu mwanzo, hata mtu asiyejua Kikalenjin wala Kiamu angeona kwamba zile saa ni mbili tofauti. Na zaidi ya barua alimjivunia Tabitha Cherop, aliyekuwa na utaratibu wake kamili, tarakimu kwa saa na neno kwa watoto, na hakuukosea hata mara moja katika miaka kumi na miwili. Mtu asiye na elimu, eti.

Mwalimu alifuta mstari wake mwenyewe. Akaandika upya, kidole kimoja kimoja, huku akitazama picha kwa kila neno: "Tapkigen saa 11 saa mbili msichana msichana". Kidole chake kilisita mwishoni. Kuluthum alijua kinataka nini. Kinataka nukta. Mwalimu akauondoa mkono kwenye kibodi akauweka mapajani.

Katika safu ya maelezo aliandika: "Saa ya pili nadhani ni zaa, kwa matamshi ya kwetu. Mapacha. M.K." na tarehe. Akamgeukia Kuluthum kuuliza kama "nadhani" inatosha au aandike "ni". Kuluthum akasema "nadhani" inatosha. Kurasa mia moja na tano zilizobaki zitaonyesha zenyewe. Mwalimu akasema atazirudia zote, na kwa namna alivyosema hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

Chepchumba alikuwa amesimama nyuma yao. Alimwomba Mwalimu amsomee, hajabeba miwani.

"Nikusomee namna gani?" Mwalimu aliuliza.

"Vile imeandikwa."

Mwalimu Kimeli alisafisha koo. Akasoma kwa ulimi wa mama yake, ule alioutupa nyuma ya bweni akiwa na miaka kumi na tisa, s zote zikiwa s, wala hakuona haya. Chepchumba alisikiliza ameinamisha kichwa. Alipoinua uso ulikuwa umelowa, lakini sauti ilikuwa imara.

"Basi mama alikuwa na akili yake," alisema. "Nitawaambia. Nitaenda nyumba kwa nyumba."

Kuluthum alimwambia atamchapishia picha na nakala, karatasi mbili pamoja, isije ikasemwa mtu amejitungia. Chepchumba alishukuru. Halafu akauliza kama pale pembeni, kwenye maelezo, pamebaki nafasi. Yule pacha mwingine alipewa jina kabla hajaenda, na mama alimwambia jina hilo yeye peke yake. Kuluthum akasema nafasi ipo, na itaandikwa wazi kwamba aliyesema ni Chepchumba, leo, ili lisichanganywe na maneno ya Tabitha. Chepchumba akalitaja jina. Mwalimu akainua mikono juu ya kibodi, akamuuliza linaandikwaje.

Chepchumba alifikiri kidogo, akasema hajui. Halijawahi kuandikwa.